Kila sauti ina mbebaji wake: hedseti isiyo na waya kwenye PS5

*"Fundi shikamoo. Nimenunua hedseti ya PULSE 3D ya mtumba, naitumia kwenye PS5 Slim. Sauti inakatikakatika, wenzangu wanasema wananisikia kama niko chumba cha pili, na mke wangu anasema nikicheza napayuka kama konda wa daladala. Mechi ikianza mtangazaji anawafunika wenzangu wote, sisikii nani anaomba pasi. Nimebonyeza kila kitufe na naona navuruga zaidi. Nianzie wapi?"*

Marahaba, kijana wangu. Anza kwa kuacha vitufe vipumzike, kwa sababu kila kero yako ina mwenyewe, na umekuwa ukimdai huyu deni la yule.

Sauti zinazokufikia masikioni zina wabebaji watatu. Wa kwanza ni redio: kile kidude kinachofanana na flashi, nitakiita kipokezi, kinaleta sauti kutoka PS5 na kurudisha ya maiki yako. Wa pili ni hedseti yenyewe, ambayo inaweza kuichukua sauti yako kwenye maiki na kukurudishia masikioni hapo hapo bila kuipeleka popote. Wa tatu ni PS5, ambayo ndiyo inayochanganya sauti ya gemu na ya wenzako kabla ya kuituma. Hedseti huletewa pilau ikiwa imeshapikwa, haiwezi tena kuchambua mchele na viungo. Sasa tumwendee mmoja mmoja.

Tuanze na redio. Hedseti na kipokezi chake huozeshwa kiwandani. Ukichomeka kipokezi na kuwasha hedseti, vinatafutana vyenyewe, taa inapepesa kidogo kisha inatulia. Kwa kuwa yako imetulia na unapata sauti, ndoa ipo, na hapo umepona balaa kubwa la mtumba. Mwaka jana jamaa aliniletea hedseti mbili za aina moja, zote taa inapepesa bila kutulia, akaniambia zimekufa. Hazikuwa zimekufa. Muuzaji alikuwa ameziweka kwenye mfuko mmoja, na kila moja ikaondoka na kipokezi cha mwenzake. Nilivibadilisha na zote mbili zikaimba. Kama angekuwa na moja tu ingebidi kuzifungisha ndoa upya: kipokezi cha namna hii kina kitundu kidogo, unabonyeza ndani yake kwa ncha ya pini mpaka taa iharakishe kupepesa, kisha unaiweka hedseti katika hali ya kutafuta kwa vitufe ambavyo kijitabu chake kinataja. Hilo hufanyika kwa kipokezi cha hedseti ya aina hiyo hiyo tu. Kipokezi cha kampuni nyingine, hata kifanane vipi, hakitaikubali. Kwa hiyo ukiona hedseti ya mtumba inauzwa bei ya kutupwa bila kipokezi, ujue unanunua hedseti ya waya. Na usitegemee blututhi ikuokoe, kwa sababu PS5 haipokei hedseti za blututhi moja kwa moja.

Yako inakatika kwa sababu nyingine, na umenitajia mwenyewe bila kujua: ni Slim. PS5 ya kwanza ilikuwa na tundu pana la USB upande wa mbele. Slim mbele ina matundu mawili madogo ya USB-C, na yale mapana yote mawili yamehamia nyuma. Kipokezi chako ni cha tundu pana, basi kiko nyuma, kimejificha kati ya mashine na ukuta, na mwili wa PS5 umesimama katikati yake na kichwa chako. Hilo peke yake lingevumilika. Ninachohisi ni kwamba tundu la jirani yake lina diski ya nje ya kuwekea magemu. Nikikosea utaniambia, lakini nyumba nyingi nilizoingia ndivyo zilivyo.

Kipokezi kinaongea kwenye masafa ya gigahezi 2.4, pale pale zilipo blututhi na waifai ya zamani. Diski ya USB ya kasi, ile ya kizazi cha tatu kuendelea, inapopitisha data humwaga kelele za redio, na sehemu ya kelele hiyo huangukia kwenye masafa hayo hayo. Kampuni ya Intel iliandika jambo hili mwaka 2012 baada ya kulipima: kelele inaweza kupanda kwa desibeli 20 hivi karibu na kifaa, na desibeli 20 maana yake ni nguvu mara 100. Kipokezi kilicho sentimita mbili kutoka kwenye tundu lile ni sawa na mtu anayejaribu kukusikia huku amesimama kando ya jenereta. Masikio yake ni mazima, mahali tu ndipo pabaya.

Kulijua kosa ni rahisi kuliko kulieleza. Zima PS5 kabisa, chomoa diski, washa, kisha cheza dakika kumi gemu lililomo ndani ya mashine. Kama sauti imetulia, mwizi umemkamata. Dawa yake ni waya mfupi wa kurefusha USB, wa nusu mita au mita moja, wa ule wa kawaida wa USB 2.0, kwa sababu kipokezi cha sauti hakihitaji kasi zaidi ya hiyo. Chomeka nyuma, pitisha kipokezi mpaka mbele, kiache kinakuona ulipokaa. Wengine huchomeka kwenye USB-C ya mbele kwa kiunganishi kidogo, nayo inafaa, ila kipokezi hubaki kimening'inia na mtoto akipita na mpira, kwaheri. Mimi napendelea waya.

Kama kuchomoa diski hakukubadilisha kitu, sikiliza kinachokatika. Redio ikizidiwa, gemu na sauti za wenzako hukatika kwa pamoja, tena mara nyingi unapogeuza kichwa au mtu anapopita katikati, maana mwili wa binadamu una maji mengi na maji hunyonya masafa hayo. Kama kelele za uwanja zinaendelea vizuri lakini wenzako wanageuka roboti, hiyo ni intaneti, na hedseti haina kesi ya kujibu. Kama wewe unawasikia safi ila wao ndio wanasema unakatika, angalia kwanza kasi ya kupakia ya bando lako.

Sasa lile la chumba cha pili. Hili ndilo lililonipotezea jioni nzima siku nilipokuwa mgeni wa PS5, na bado naona aibu. Pedi yako ina maiki yake yenyewe. PS5 inaweza kuwa inaleta sauti kwenye hedseti lakini inachukua maneno yako kwenye pedi, iliyo mapajani, karibu na vidole vinavyogonga vitufe. Wenzako wanasikia sauti ya mbali yenye mwangwi, na tiki-tiki za vitufe juu yake. Waulize kama wanazisikia tiki hizo. Wakisema ndiyo, usihangaike na kitu kingine. Nenda hapa:

```
Settings > Sound > Microphone > Input Device
```

Chagua hedseti badala ya pedi. Papo hapo kuna `Adjust Mic Level`. Ongea kwa sauti ile unayoitumia kweli kwenye mechi, siyo ile ya "moja, mbili, jaribio", na upandishe mpaka kipimo kicheze kwenye eneo ambalo skrini inaonyesha ni zuri. Ukipandisha kupita hapo, kila ukishangilia bao sauti itapasuka. Halafu tazama kitufe kidogo cha maiki kwenye pedi, chini ya kile chenye nembo ya PS. Kikiwaka rangi ya chungwa umenyamazishwa, na utaimba mpaka kesho bila kusikika.

Hapa kuna jambo la kuangalia kwenye PULSE 3D. Maiki zake haziko kwenye mkono unaochomoza mbele ya mdomo, zimefichwa ndani ya kikombe cha sikio. Hata ukichagua sawasawa, sauti yako itakuwa na umbali kidogo, na itabeba feni, na mvua kwenye bati, na mwadhini wa jirani. Kupandisha kiwango cha maiki hakuzibi hilo, kunazidisha tu, kwa sababu feni nayo inapanda. Sogeza feni isikupulize usoni, hilo litakusaidia kuliko kipimo chochote.

Tuje kwa mkeo, ambaye ana haki, ingawa na wewe huna kosa. Unapovaa vikombe vilivyoziba masikio, mambo mawili hutokea kwa pamoja. Njia ambayo sauti yako ilikuwa ikitoka mdomoni na kukurudia kwa hewa imefungwa, umebakiwa na ile inayopita kwenye mifupa ya kichwa, nzito na ya kuvuma, kama unaongea umeziba masikio kwa vidole. Na wakati huo huo umemiminiwa kelele za uwanja. Mtu akiwa kwenye kelele hupandisha sauti bila kukusudia. Daktari Mfaransa, Étienne Lombard, ndiye aliyelieleza jambo hilo mwaka 1911, na hadi leo linaitwa kwa jina lake. Huwezi kulishinda kwa kujiambia "nitaongea taratibu". Utaongea taratibu mpaka kona ya kwanza.

Dawa ni kukurudishia sauti yako. Simu za mezani za zamani zilifanya hivyo: ulikuwa unajisikia kidogo kwenye mkono wa simu, na kwa hiyo ulijua upaze kiasi gani. Kwenye hedseti yako, swichi ya kuwashia ina nafasi ya tatu iliyoandikwa MONITOR. Isogeze hapo. Utasikia kwanza kama chumba kimefunguliwa dirisha, kuna kivumo chepesi cha hewa, kisha ukisema neno utalisikia kama unavyolisikia bila hedseti. Muombe mkeo akae sebuleni, ucheze dakika tano swichi ikiwa ON, tano nyingine ikiwa MONITOR, na umwache yeye ndiye ahukumu.

Kwa nini kazi hii inafanywa na hedseti na si PS5? Ni kwa sababu ya kuchelewa. Sauti ikienda mpaka PS5 kwa redio, ikachakatwa, ikarudi, inakufikia imechelewa. Na sikio la mtu halivumilii kujisikia kwa kuchelewa: ikifika karibu sehemu mbili za kumi za sekunde, watu wengi huanza kugugumia na kuvuta maneno. Kwa hiyo inazungushwa ndani ya hedseti, ambako hakuna safari.

Na hapo ndipo wengi wanapodanganyika. Ukijisikia vizuri kwenye MONITOR, umethibitisha kwamba maiki ni nzima na betri inafanya kazi. Hujathibitisha hata kidogo kwamba PS5 inakupata. Ile sauti haikutoka nje ya hedseti. Inawezekana ukawa unajisikia kama mtangazaji wa redio huku wenzako wakipata maiki ya pedi, na hilo ndilo nadhani lingekupata kama ungeanza na swichi kabla ya `Input Device`. Kinyume chake pia ni kweli: kuwasha au kuzima MONITOR hakubadilishi chochote wanachosikia wao. Mwenzako akilalamika kwamba anajisikia mwenyewe, usikimbilie swichi hiyo. Huo ni mwangwi wa mtu ambaye maiki yake inanyonya spika ya TV, na humjui mpaka kila mmoja ajizime kwa zamu. Anayejizima na mwangwi ukakoma, ndiye. Yule anayelalamika huwa hana hatia.

Swichi ya MONITOR haipandishi wala haishushi, ni ya kuwasha au kuzima tu. Kwa hiyo usiku kukiwa kimya utaipenda, na mchana jenereta ya mtaani ikiunguruma utaizima, kwa sababu inakuletea jenereta nayo.

Imebaki vita yako na mtangazaji. Pembeni mwa kikombe cha kushoto una vitufe viwili, CHAT na GAME, tofauti na vile vya VOL. VOL hupandisha kila kitu kwa pamoja, ndiyo maana umevuruga: ulipandisha ili umsikie mwenzako, na mtangazaji akapanda naye, ukaongeza tena. CHAT na GAME husogeza mizani. Tofauti na MONITOR, hivi havifanyi kazi ndani ya hedseti. Vinaipa PS5 amri, nayo ndiyo inayobadilisha mchanganyiko kabla ya kukutumia. Kwa sababu hiyo, ukichomeka hedseti kwa waya kwenye pedi usivitegemee, mizani utaiweka kwenye skrini. Na ndiyo sababu hedseti kadhaa za kampuni nyingine, zenye gurudumu la mizani linalofanya kazi vizuri kwenye kompyuta, gurudumu hilo hugeuka pambo zikichomekwa PS5. Kompyuta huzipa mifereji miwili ya sauti, wa gemu na wa maongezi, zikachanganya zenyewe. PS5 huzipa mmoja, umeshachanganywa.

Fanya hivi jioni moja, na rafiki mmoja tu, siyo kundi zima. Weka mizani katikati. Anza mechi ya mazoezi yenye kelele za uwanja kama kawaida. Mwambie rafiki yako asome namba mchanganyiko kwa sauti yake ya kila siku, mfano nne, kumi na saba, sitini na moja, na wewe uzirudie. Namba ni bora kuliko "unanisikia?", kwa sababu swali hilo masikio yanalibahatisha tu. Weka VOL mahali ambapo kelele za uwanja hazikuchoshi, halafu usiiguse tena. Bonyeza CHAT mara moja, sikiliza namba tano, bonyeza tena. Acha pale unapozipata zote wakati uwanja unalipuka.

Nilipomfanyia hivi mpwa wangu, CHAT mara mbili ilitosha pale mtangazaji alipokuwa kimya. Mtangazaji akianza, namba zikapotea. Tukabonyeza mara nne, tano, mpaka gemu likabaki la mbali kama TV ya nyumba ya pili, na bado kila mtangazaji alipopayuka namba moja au mbili zilituponyoka. Sababu ni kwamba mtangazaji na rafiki yako wote ni sauti za binadamu. Wanagombania sehemu ile ile ya masafa, ile ambayo simu za zamani zilipitisha peke yake, hezi 300 mpaka 3,400 hivi, na tena wote wanasema maneno, kwa hiyo hata ubongo unawagombania. Mizani haiwatenganishi, inashusha gemu zima. Tukarudisha mizani kwenye mara mbili, tukaingia kwenye mipangilio ya sauti ya gemu lenyewe, tukamshusha mtangazaji peke yake mpaka karibu na chini na kuacha uwanja na mpira vilivyo. Namba zote zikapatikana, na mlio wa mpira ukigonga mwamba ukabaki mtamu.

Ukitoka kwenye mpira ukaingia gemu la risasi, hesabu inabadilika, kwa sababu huko nyayo za adui ndizo unazotaka na muziki ndio wa kushusha. Weka mizani upya kila ukibadilisha gemu.

Kama kwenye kundi lenu kuna mmoja tu anayesikika chini, usimfuate kwa CHAT, utawapandisha na wenye sauti kubwa. Bonyeza kitufe cha PS, fungua kadi ya maongezi ya sauti, mchague yeye na umpandishe peke yake. Na kama umebonyeza CHAT hadi mwisho na wachezaji wa mtandaoni hawasogei hata kidogo, basi huwasikii kupitia kundi la PS5. Gemu hilo lina maongezi yake ndani, limeshachanganya sauti zao na zake, na kwa PS5 zote ni gemu. Kipimo chao kimo kwenye mipangilio ya gemu hilo.

Fuata mpangilio huu: diski na waya wa kurefusha kwanza, kisha `Input Device`, kisha swichi, mwisho mizani. Kama baada ya kuchomoa diski bado inakatika, niandikie unakaa umbali gani kutoka kwenye PS5, ruta iko wapi, na taa ya hedseti inafanya nini pale sauti inapopotea.